Balkoni ya mita moja na robo iwe baraza ya kukaa

Balkoni yetu iko ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam, na inatazama mashariki. Urefu wake ni sentimita 310, upana sentimita 125. Kwa miaka miwili ilikuwa ni mahali pa kamba ya nguo, ndoo na fagio. Siku tulipoamua kukaa humo jioni tulifanya kama wanavyofanya wengi: tulikwenda dukani kwanza, tukapima baadaye. Tukarudi na viti viwili vipana vilivyosukwa kwa plastiki pamoja na meza ya kioo. Vilipoingia, geti la nondo halikuweza kufunguka mpaka mwisho. Masika ya kwanza ilipopita, kutu ilianza kutoka miguuni mwa viti na kuchora mistari ya kahawia kwenye vigae. Haya ninayoyaeleza ni jinsi tulivyofanya mara ya pili, na sababu ya kila hatua, ili wewe uifanye mara moja tu.

Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba balkoni nyembamba haitaki seti ya makochi. Inataka baraza. Ukipita mitaa ya Mji Mkongwe au Lamu utaona wazee walivyolimaliza tatizo hili hili: njia ni nyembamba, watu wanataka kukaa na kuzungumza, basi kikalio kikajengwa kimeshikana na ukuta, kirefu na chembamba, na njia ikabaki wazi mbele yake. Balkoni ni uchochoro uliopanda juu. Benchi moja refu lililoegemea ukuta wa nyumba litakalisha watu watatu mahali ambapo viti viwili vya mikono vingejaza nafasi yote.

Kwanza iangalie kwa wiki moja

Kabla ya kuchukua futi, kaa na balkoni yako kwa siku saba. Toka saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, uone jua limefika wapi. Balkoni ya mashariki kama yetu hupigwa na jua la asubuhi na jioni yote huwa kivulini, na kwa kukaa hiyo ndiyo bora. Ya magharibi ndiyo ngumu, kwa sababu jua la alasiri huwa limeshuka na huingia chini ya zege la juu moja kwa moja hadi ukutani. Hapo pazia si pambo, ni lazima. Kwa Dar es Salaam, balkoni ya kaskazini hupata jua la mchana katikati ya mwaka, kuanzia Mei hadi Agosti, na ya kusini hulipata Desemba na Januari. Kwa hiyo balkoni uliyoiona ina kivuli kizuri mwezi Januari inaweza kukushangaza mwezi Juni.

Halafu subiri mvua ya upepo. Ikinyesha, chukua chaki na uchore mstari pale sakafu yenye maji inapokutana na sakafu kavu. Kwetu maji yaliingia hadi sentimita 70 kutoka kwenye ukingo, na sentimita 55 za upande wa ukuta zikabaki kavu. Mvua kubwa zaidi ya masika iliwahi kulowesha sakafu yote, lakini hiyo ilikuwa mara chache. Mstari huo utakuongoza kuliko ushauri wa muuzaji yeyote. Kilicho nje yake kitalowa kila mara, kwa hiyo kiwe cha kustahimili maji bila kubishana. Kilicho ndani yake kitapata unyevu na vumbi la chumvi tu. Kumbuka pia kwamba pepo hubadilika: kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hushika kuanzia Aprili na kuendelea. Ukichora mstari wakati wa vuli, uangalie tena masika.

Kama uko karibu na bahari, pitisha kidole kwenye nondo za geti asubuhi kisha kionje. Ukisikia chumvi, jua kwamba kila chuma utakachokiweka hapo kitashambuliwa hata siku zisizo na mvua, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewa na kuushikilia juu ya chuma. Ndiyo maana kiti kinachodumu miaka kumi Dodoma kinaweza kuoza kwa mwaka mmoja na nusu Upanga au Nyali.

Sakafu, maji na uzito

Mwaga ndoo moja ya maji karibu na ukuta kisha uangalie. Maji yanatakiwa kukimbilia kwenye tundu la kutolea maji na yasibaki dimbwi baada ya nusu saa. Yakirudi kwenye mlango, au yakituama katikati, usinunue chochote kabla fundi hajarekebisha mteremko. Sentimita moja na nusu kwa kila mita inatosha. Safisha tundu lenyewe na uliwekee wavu wa kuzuia majani. Usitoboe sakafu kufunga miguu ya benchi wala nguzo ya mwavuli: kila tundu ni njia ya maji kwenda kwenye nondo zilizomo ndani ya zege, na kwenye dari ya jirani wa chini.

Sasa angalia mahali sakafu inapokutana na ukuta wa nyumba. Balkoni nyingi zimening'inia: zimeshikwa upande mmoja tu, na nondo zinazobeba mzigo ziko karibu na uso wa juu wa zege, si wa chini. Ufa mrefu unaokwenda sambamba na ukuta upande wa juu, au zege linalobanduka kwa chini na kuonyesha nondo zenye kutu, si jambo la kupaka rangi. Mwite mhandisi au msimamizi wa jengo, na mpaka atakaposema, usiweke mzigo hapo.

Benchi na watu watatu si tatizo kwa balkoni nzima. Tatizo mara nyingi ni vyungu vya maua. Chungu cha lita 40 kilichojaa udongo uliolowa hukaribia kilo 70, sawa na mtu mzima asiyeondoka. Watu huvipanga vitano au sita ukingoni kabisa, pale ambapo zege lililoning'inia linaelemewa zaidi. Kama unapenda mimea, tumia vyungu vyepesi vya plastiki na uviweke upande wa ukuta au kwenye kona zilizoshikwa pande mbili.

Pima, kisha uchore sakafuni

Vipimo vinne vinatosha: urefu, upana, kimo cha ukingo, na duara la mlango. Hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Nyumba zetu nyingi zina mlango wa mbao au alumini unaofungukia ndani na geti la nondo linalofungukia nje. Funga kamba kwenye ncha ya geti, ulifungue polepole, uchore kwa chaki njia inayopita. Ndani ya duara hilo hakiwekwi kitu cha kudumu. Usiku wa moto au wa umeme kukatika, geti lazima lifunguke lote kwa mkono mmoja.

Geti letu lina upana wa sentimita 90 na linaanzia sentimita 20 kutoka kona ya kushoto. Kwa hiyo sentimita 110 za kushoto zilikwisha kabla hatujaanza, zikabaki 200 za kulia. Katika hizo tulipanga benchi la sentimita 140 kwa 50 dhidi ya ukuta, na kwenye kona ya mwisho kiti kimoja cha kukunja chenye upana wa 55 kinachotazama upande wa benchi. Hilo la kiti nililishikilia sana. Watu waliokaa mstari mmoja hutazama barabara, ila mmoja akikaa pembeni akageukia wenzake, mazungumzo huanza yenyewe.

Upana ukigawanyika: benchi pamoja na sentimita 3 za nyuma yake limechukua 53, zimebaki 72. Meza ya sentimita 35 kwa 35 ikiwekwa mbele, inabaki njia ya 37, ambayo mtu hupita kwa kujipinda kidogo. Ndiyo maana meza yetu ni stuli nyepesi inayosogezwa kwa mguu. Kama balkoni yako ina upana wa chini ya mita moja, punguza benchi hadi sentimita 42 na uache meza kabisa. Kikombe kiwekwe juu ya benchi lenyewe. Usisahau madirisha: ukiweka benchi chini ya dirisha linalofungukia nje, kichwa cha mgeni kitakutana na kona ya fremu.

Kabla ya kumwita fundi, panga maboksi matupu au mabeseni kwa vipimo hivyo, uishi nayo siku mbili. Fungua geti, anika nguo, pitisha ndoo. Sisi tulikuwa tumepanga benchi la 160, na siku ya pili tukaona mtu wa kiti cha kona hana pa kuweka magoti.

Kuna sharti moja ambalo kwenye nyumba yenye watoto halina mjadala. Benchi, kiti, chungu au boksi lisiegemee ukingo. Ukingo wa sentimita 110 ni salama kwa mtoto aliyesimama chini, lakini akipanda kwenye kikalio cha sentimita 42 unabaki ukingo wa 68, ambao mtoto wa miaka minne anaupita kwa kifua. Benchi la ukutani linaliondoa tatizo hili kwa sehemu kubwa. Viti vyepesi vinavyosukumika vikunjwe na kutundikwa watu wakishaondoka. Kama nafasi kati ya nondo za ukingo inazidi sentimita 10, funga wavu kabla ya kufikiria mito.

Mbao, chuma, alumini au plastiki

Anza na sumaku. Sumaku ndogo ya mlango wa kabati inatosha, nenda nayo dukani. Viti vilivyosukwa kwa plastiki vinavyoiga henzirani vina mifupa ndani, na mifupa hiyo ama ni chuma cha kawaida ama ni alumini. Ukiviangalia kwa juu havitofautiani. Sumaku ikishika kwenye mguu, ndani ni chuma, na kutu itaanza mahali usipopaona, chini ya msuko. Pindua kiti uangalie nyayo za miguu: ndipo rangi huwa nyembamba na maji hukaa. Kama hata mpya tayari pana vidoti vya kahawia, rudisha. Viti vyetu vya kwanza vingeanguka mtihani huo kwa sekunde tano.

Chuma cha kuchomelea kinafaa kama uko mbali na bahari au kama mfuko haujaruhusu kingine, ila msimamie fundi katika mambo matatu. Paipu za mraba ziunganishwe kwa kuchomelewa mzunguko wote, si kwa vidoti viwili vya kushikiza, kwani nafasi iliyobaki itanywa maji. Ncha zote za paipu zizibwe. Na baada ya kupitisha grenda, chuma kifutwe vumbi na mafuta kisha kipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, mikono miwili, kabla ya rangi ya mafuta ya juu. Fundi akikwambia atakuletea kesho baada ya kukilaza nje usiku, kutu itakuwa imeshaanza chini ya rangi. Utaitambua baadaye rangi inapovimba kama lengelenge karibu na viungo. Ukiliona, kwaruza sehemu hiyo hadi chuma cheupe na upake upya. Kupaka juu ya lengelenge ni kuificha kutu tu.

Alumini haipati kutu ya kahawia na ni nyepesi, kwa hiyo kwa kiti cha kukunja ndiyo chaguo langu. Tahadhari ni mbili. Fundi wa madirisha anaweza kukutengenezea benchi la alumini, lakini huunganisha kwa ribiti, na ribiti zilizobuniwa kushika kioo hulegea zikibebeshwa watu. Jambo la pili ni skrubu za chuma cha kawaida kwenye alumini: vikikutana na maji ya chumvi, hulana, na unga mweupe huanza kutoka kuzunguka tundu. Dai skrubu za stenlesi. Na usishangae hata stenlesi ikipata madoa mepesi ya rangi ya chai karibu na bahari. Yanaondoka kwa kusugua, na hayali chuma kwa ndani kama kutu ya kawaida.

Kiti cha plastiki cha kawaida, kile cha kwenye sherehe, nakiheshimu. Hakiogopi maji wala chumvi, kinaogopa jua. Kikianza kuacha unga mkononi na rangi kupauka, plastiki imekuwa kavu na siku moja mguu utapasuka mtu akiwa amekaa. Kivulini hudumu miaka mingi.

Kwa benchi, mimi ni wa mbao. Mbao haichomi mapaja saa saba mchana, hutengenezeka kwa kipimo chako kamili, na mbao nzuri ya kwetu huishi nje muda mrefu. Msaji, ambao wengi huuita mtiki, na mvule ndizo za kutafuta. Mninga pia unafaa. Paini ni rahisi na nyepesi, lakini bila dawa na rangi inaoza mapema, hasa miguuni. Ubao wa unga uliogandishwa, ule wa makabati, usiuweke balkoni hata siku moja: ukilowa huvimba kama andazi na haurudi.

Kutengeneza benchi

Unaweza kumpa seremala karatasi yenye vipimo hivi. Sisi tulikwenda Keko, na kilichochukua muda mrefu zaidi hakikuwa kazi bali kungoja mbao zikauke. Mbao nyingi huuzwa zikiwa bado na maji. Zinapokaukia kwako baada ya kuungwa, hupinda na viungo hufunguka. Inua kipande: kikiwa kizito kupita kiasi na baridi ukikigusa shavuni, bado. Tulizipanga kivulini, kila safu ikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, kwa wiki tano. Kama seremala ana stoo ya mbao kavu, lipia tofauti hiyo ya bei bila kusita.

Miguu ilikuwa ya mbao za inchi mbili kwa tatu, jozi tatu: kila mwisho mmoja na mmoja katikati. Jozi ya katikati usiiondoe. Mbao za kukalia zenye unene wa inchi moja zikivuka sentimita 130 bila kushikwa hulegea na kupinda chini, lakini zikishikwa kila sentimita 65 hubeba watu wazima watatu bila kulia. Kwenye kina cha sentimita 50 tulipanga mbao sita za kukalia zenye upana wa sentimita 7.5, tukaacha nafasi ya sentimita moja kati ya moja na nyingine. Ukizidisha, sita mara saba na nusu ni 45, na nafasi tano ni 5. Nafasi hizo ndizo zinazoliweka benchi hai: maji hupita, hewa hukausha pande zote. Benchi la ubao mmoja mpana hukaa na maji juu na huanza kuoza kwa chini bila wewe kujua.

Kimo tulikiweka sentimita 39, kwa sababu mto wa sentimita 5 utaongeza na kisha kubonyea, na mwishowe mtu anakaa kwenye 42 hivi. Egemeo ni mbao mbili tu zilizolazwa nyuma kidogo, zimefungwa kwenye miguu ya nyuma iliyorefushwa, si ukutani. Benchi lote likae sentimita 3 mbali na ukuta. Ukuta wa nje hulowa na kukauka taratibu, na mbao inayougusa haipati nafasi ya kukauka.

Skrubu ziwe za stenlesi au za shaba, na kila tundu litobolewe kwa kekee kwanza ili mbao isipasuke. Skrubu nyeusi za jipsamu, ambazo kila fundi anazo mfukoni, zitakatika kichwa baada ya misimu miwili na kuacha doa jeusi kuzunguka tundu. Nunua skrubu mwenyewe umpelekee fundi. Ndilo jambo dogo nililolisimamia kwa ukali kuliko yote.

Chini ya miguu ndipo mbao hunywa maji kama mrija, kwa kuwa nyuzi zake zimekatwa na ziko wazi. Simamisha kila mguu usiku kucha ndani ya kopo lenye mafuta ya kitani, uache ukauke, kisha upigilie kiatu cha plastiki ngumu au mpira chenye unene wa sentimita moja. Kwa hatua hiyo moja benchi linakuwa halisimami majini tena.

Sehemu nyingine usiipake vanishi. Inapendeza miezi mitatu, kisha jua huipasua, maji huingia chini yake, na utaanza kuona mabaka meupe yanayobanduka. Kuirudishia ni kuipiga msasa yote. Mafuta hayabanduki. Yakiisha unaongeza tu. Mafundi wa majahazi hupaka sifa, mafuta ya papa, na kazi yake inajulikana mwambao wote, ingawa kwa harufu yake hakuna mgeni atakayekaa. Mafuta ya kitani au ya mtiki, yakipakwa kidogo kidogo kwa kitambaa na ziada kufutwa baada ya robo saa, yanatosha. Ukiyaacha mazito yatanata na kuota ukungu mweusi wakati wa masika. Kitambaa ulichofutia kitandaze nje kikauke au ukiloweshe maji kabla ya kukitupa: kikikunjwa na mafuta ya kitani kinaweza kupata joto na kuwaka chenyewe. Na kama unaipenda rangi ya kijivu, mtiki na mvule unaweza kuviacha vitupu. Vitapauka tu, nguvu yake itabaki.

Mito

Sponji ya kawaida ikilowa mpaka ndani huchukua siku kadhaa kukauka na hutoa harufu kabla haijakauka. Watu hujaribu kuifunga ndani ya nailoni. Maji huingia kwenye mshono hata hivyo, na safari hii hayana pa kutokea. Tulichofanya ni kushona foronya yenye sura mbili: juu na pembeni turubai jepesi la kuzuia maji, chini kitambaa cha wavu. Maji yanayopenya kwenye mshono huteremka, hupita kwenye wavu na kwenye nafasi za benchi, hadi sakafuni. Zipu iwe ya plastiki na ikae nyuma, kwa kuwa ya chuma itaganda kwa chumvi.

Hata hivyo, mito ina mahali pake ndani. Tulikata mto mmoja wa 140 kuwa miwili ya 70, ikawa mtu mmoja anaweza kuiingiza yote kwa safari moja mvua inapoanza. Mto mzito usiobebeka ndio unaoachwa nje.

Kivuli, mkeka na kamba ya nguo

Kwa jua la pembeni, neti ya kivuli inayouzwa kwa wakulima ni bora kuliko pazia la kitambaa, kwa sababu hupitisha upepo. Pazia lisilopitisha hewa hugeuka tanga kusi ikishika, na hung'oa ndoano zake. Ifunge kwenye waya juu na chini ili iweze kusukumwa pembeni jioni. Pazia la mianzi linapendeza zaidi, ila lifungwe chini, la sivyo litapiga ukuta usiku kucha.

Mkeka wa ukili tuliupenda, ukaota ukungu masika ya kwanza. Sasa tunatandika mkeka wa plastiki uliosukwa, na tunaukunja kila unapooshwa ili sakafu ipate hewa.

Nguo bado zinahitaji kuanikwa, na mpango wowote unaojifanya hilo halipo utashindwa siku ya Jumamosi. Tulipandisha kamba hadi karibu na dari kwa kapi mbili upande wa geti, zile sentimita 110 ambazo hazikuweza kupokea kiti. Nguo hupandishwa juu ya kichwa, maji hudondokea mahali pasipo na mto. Kama mashine ya kiyoyozi imo balkonini, elekeza mpira wake wa maji moja kwa moja kwenye tundu, na usiweke kikalio mbele ya feni yake.

Visahani vya chini ya vyungu viondolewe au vijazwe mchanga. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji machache kama hayo, huuma mchana, na huhitaji wiki moja au siku kumi tu kutoka yai hadi mbu kamili. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Kutunza

Kila Jumamosi tunapitisha kitambaa chenye maji baridi kwenye kiti cha alumini, skrubu, geti na ukingo. Ni kuondoa chumvi tu, hakuna sabuni, na huchukua dakika kumi. Mwezi Februari, kabla ya masika, benchi huoshwa kwa brashi laini kufuata nyuzi za mbao, huachwa likauke siku tatu, hupakwa mafuta mkono mmoja, na skrubu hukazwa. Mwezi Septemba, kabla ya vuli, tunalipindua na kuchoma chini ya kila mguu kwa ncha ya kisu. Kisu kikigoma, mbao ni nzima. Kikizama bila nguvu, mguu huo umeanza kuoza, na hukatwa sentimita mbili, huloweshwa mafuta tena na kuvishwa kiatu kinene zaidi. Mwaka jana ulikuwa mguu mmoja, ule wa mbele kwenye kona ya kulia, unaokaribia mstari wa chaki.